Jumlisha kila mstari wa matriksi kabla ya kugusa determinanti

Katika saketi ya nodi tatu mimi huandika matriksi ya konduktansi moja kwa moja kutoka kwenye mchoro, bila kupitia milinganyo ya Kirchhoff, lakini siendelei na hesabu kabla ya kujumlisha kila mstari. Chukua saketi yenye rezista ya 1 kΩ kati ya nodi 1 na ardhi, nyingine ya 1 kΩ kati ya nodi 2 na ardhi, na ya 500 Ω kati ya nodi 3 na ardhi. Nodi 1 na 2 zimeunganishwa kwa 500 Ω, nodi 2 na 3 kwa 1 kΩ, na nodi 1 na 3 kwa 1 kΩ. Chanzo kinaingiza mkondo wa 12 mA katika nodi 1 kutoka ardhini.

Geuza kwanza kila rezista kuwa konduktansi: 1 kΩ ni 1 mS, na 500 Ω ni 2 mS. Anayejumlisha omu kwanza kisha akageuza jumla hupata namba isiyo na maana yoyote hapa. Kwenye mshazari weka jumla ya konduktansi zote zinazogusa nodi husika. Kwingineko weka konduktansi iliyo kati ya nodi mbili, ikiwa na alama ya kutoa.

```
[ 4  -2  -1 ] [V1]   [12]
[-2   4  -1 ] [V2] = [ 0]
[-1  -1   4 ] [V3]   [ 0]
```

Jumla za mistari ni 1, 1 na 2, ambazo ndizo konduktansi za kwenda ardhini katika mchoro. Ulinganifu wa matriksi pekee hautoshi kuthibitisha, kwa sababu ukisahau rezista ya ardhini matriksi hubaki linganifu vilevile. Ukizisahau zote tatu, determinanti huwa sifuri.

Hapa determinanti ni 36. Kwa kanuni ya Cramer, safu ya mikondo huchukua nafasi ya safu ya kwanza ili kupata V1, ya pili kwa V2, na ya tatu kwa V3; determinanti zinazopatikana ni 180, 108 na 72, hivyo V1 = 5 V, V2 = 3 V na V3 = 2 V. Kosa la kawaida hutokea kwenye V2, kwa kuwa ukipanua kwa safu ya pili, 12 hiyo hutanguliwa na alama ya kutoa. Ukipata -3 V, jua alama imepotea: katika saketi ya rezista tupu yenye chanzo hiki kimoja, hakuna nodi inayoweza kushuka chini ya ardhi.

Hakiki ya mwisho ifanye kwenye mchoro wenyewe. Mikondo inayorudi ardhini ni 5 mA, 3 mA na 4 mA, jumla 12 mA.

Njia hii inahitaji vyanzo vya mkondo visivyotegemea kitu kingine. Chanzo cha volti kilichofuatana na rezista kigeuzwe kwanza kuwa chanzo cha mkondo. Chanzo tegemezi huvunja ulinganifu, na hapo milinganyo iandikwe nodi kwa nodi.