Pushapu za kupanda kidogo kidogo, na ripoti ya saa tatu usiku

Magrupu mengi ya pushapu ninayoyaona yanaanza na sheria moja tu, leo moja, kesho mbili, keshokutwa tatu, mpaka siku ya 100 mtu anapiga 100. Kwenye karatasi inapendeza na ukijumlisha zote ni 5,050. Shida ni kwamba wiki ya kwanza hufanyi kitu chochote, mwili hata haujui kama kuna zoezi, halafu kuanzia siku ya arobaini na kitu unajikuta kila siku unavunja rekodi yako ya jana na hakuna siku ya kupumzika hata moja, hapo ndo viwiko vinaanza kulalamika na watu wanaanza kupotea kwenye grupu kimya kimya.

Mi ndo mtunza hesabu wa kagrupu ketu ka WhatsApp, tuko ndugu na majirani wachache, na tulivyobadilisha mambo ni hivi: namba haipandi kila siku, inapanda kila wiki, na inapanda kutokana na ripoti ya jioni, siyo kutokana na kalenda.

Nichukulie mfano wa shemeji yangu maana yeye alianzia chini na hesabu zake ni rahisi kufuata. Jumapili ya kwanza alijipima, yaani anapiga pushapu safi mpaka ashindwe kushusha kifua vizuri, anahesabu zile safi tu. Alipata 12. Tukagawa kwa mbili, ikawa 6, tukasema kila siku seti nne za 6, jumla 24. Alinuna kweli, akasema shem mnanidharau, mi naweza 12 mnanipa 6? Lakini hiyo nusu ina sababu yake: seti ya nusu ya uwezo unaifanya kwa umbo zuri mwanzo mpaka mwisho, na kesho unaweza kurudia. Ukipiga mpaka mwisho wa nguvu kila siku, siku ya tatu unakuja na mikono ya mlenda.

Wiki ya pili seti za 7, jumla 28. Wiki ya tatu seti za 8, jumla 32. Wiki ya nne tukamshusha mpaka seti za 5, jumla 20, na hapo ndo wengi wanabisha kwamba tunarudi nyuma, lakini ile wiki nyepesi ndo mwili unapata nafasi ya kujijenga. Jumapili ya mwisho akajipima tena akapata 17. Mzunguko wa pili akaanza na seti za 8 badala ya 6. Kila wiki kuna siku moja ya kupumzika, kwetu ni Ijumaa, na siku hiyo pia ripoti inatumwa, mtu anaandika tu "pumziko".

Sasa ripoti yenyewe. Mtu akiandika "32 done" hajaniambia kitu, sijui amezigawaje, sijui kama ilikuwa kazi au mchezo. Sisi ripoti ya shemeji inasomeka hivi: "32, nane nane mara nne, mwisho zilibaki 2, kiwiko poa." Hapo "zilibaki 2" ndo neno la maana kuliko hiyo 32, maana yake baada ya seti ya mwisho angeweza kupiga mbili zaidi zilizo safi. Tukifika mwisho wa wiki naangalia hapo tu. Kama siku nyingi zilibaki mbili au zaidi, wiki ijayo anapanda. Kama zinabaki sifuri, anarudia wiki ileile na namba ileile, hata kama wenzake wote wamepanda. Dada mmoja kwenye grupu alikaa kwenye 20 wiki tatu mfululizo na akaja kupanda vizuri tu.

Saa ya ripoti ni saa tatu usiku, ila hiyo ni saa ya kuandika, siyo saa ya kufanya. Tulivyoanza watu walikuwa wanakumbuka saa tatu kasoro dakika tano wanajitupa chini na tumbo limejaa ugali, wanapiga zote kwa mkupuo, hizo unazijua hata bila kuziona maana ripoti inakuja imeandikwa jumla tu bila seti. Gawa, mbili asubuhi kabla ya kuoga na mbili ukirudi kazini kabla ya kula. Mwezi wa Ramadhani sisi tunaokaa na wafungaji tunazisogeza zote baada ya futari, chakula kikishatulia kidogo, na saa ya ripoti inasogezwa mpaka baada ya tarawehe, na namba haipandi mwezi huo mzima, inashikiliwa palepale.

Kitu kinachoua magrupu ni deni. Mtu amekosa 32 jana, leo anataka kulipa 64, na anatuma ripoti kwa fahari wakati wengine wanampigia makofi. Msimpigie makofi. Siku ikipita imepita, anaandika sifuri na kesho anafanya za kesho basi. Msuli unazoea kazi haraka, lakini kano, zile kamba zinazoshika msuli kwenye mfupa, zinachelewa sana kuzoea, kwa hiyo unajiona una nguvu za kupiga 64 na kweli unapiga, halafu kiwiko ndo kinakuja kukudai.

Utajuaje kama ni uchovu wa kawaida au ni kano? Uchovu wa msuli unauma kifua na nyuma ya mkono, pande zote mbili, umetapakaa, na siku mbili tatu unaisha. Kano inauma sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, mara nyingi upande mmoja, asubuhi imekakamaa, ukipasha mwili inatulia, ukimaliza inarudi. Ukiiona hiyo kwenye ripoti siku mbili mfululizo usisubiri wiki iishe. Nusu ya seti, mikono juu ya ngazi au ukingo wa kitanda kilicho imara badala ya sakafuni, na viwiko usivitanue kama mbawa, vivute karibu na mbavu kidogo. Kiganja kikiuma, kunja ngumi juu ya taulo. Wiki mbili hakuna nafuu, muone daktari. Na mwenye presha aulize daktari kabla hajaanza, asibane pumzi, akisukuma atoe hewa. Kifua kikibana katikati ya seti hiyo siyo ya kuandika kwenye ripoti, hiyo ni hospitali.

Anayeshindwa hata moja sakafuni aanze ukutani, halafu mezani, halafu kwenye ngazi. Huyo namba yake haipandi, anashusha mikono, na anaandika "ngazi ya tatu" badala ya jumla.

Halafu kuna wale wanaofika seti za 20, jumla 80, wanataka 100, 120, 150. Hapo kuongeza namba kunakuongezea pumzi zaidi kuliko nguvu, na dakika zinakuishia. Shemeji saivi yuko huko, tukampandisha miguu juu ya stuli, tukarudisha hesabu mwanzo, jipime upya, gawa kwa mbili. Alipata 14, kwa hiyo wiki hii ripoti zake zinasema "28, saba saba, miguu juu, zilibaki 3", na kuna jirani kaniuliza inboksi mbona huyu mtu ameshuka hivyo.