Kitunguu saumu: ponda, kiache kidogo, ndipo ukitie motoni

Huwa naponda kitunguu saumu na kukitia kwenye mafuta ya moto papo hapo. Kuna ninachokosa?

Unakosa alisini, ile kemikali ya salfa yenye harufu kali na inayouma ulimi. Punje nzima haina alisini. Ina aliini, ambayo haina harufu, na kimehifadhiwa mbali nayo kimeng'enya kiitwacho aliinase. Mchi unapovunja seli, viwili hivyo hukutana na alisini huanza kutengenezwa. Kimeng'enya hiki hakistahimili moto. Kikifa mapema, aliini hubaki ilivyo.

Jaribu: chemsha punje nzima mpaka ilainike, kisha iponde na uionje. Itakuwa na utamu mpole, bila ukali wowote. Kuiponda baada ya moto hakusaidii tena.

Nisubiri dakika ngapi hasa?

Kumi zinatosha. Kikipondwa hadi kiwe kama uji, alisini nyingi hutokea ndani ya dakika ya kwanza, lakini mikono yetu huacha vipande. Ukikikata vipande vikubwa, seli nyingi hubaki nzima na kusubiri hakutakufaa sana.

Dakika kumi zilipata umaarufu kutokana na utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2001. Sekunde 60 za maikrowevu ziliondoa uwezo wa kitunguu saumu wa kuzuia madhara ya kemikali inayosababisha saratani. Kilipopondwa na kuachwa dakika 10 kwanza, sehemu ya uwezo huo ilibaki. Hao walikuwa panya, kwa hiyo usikifanye kitunguu saumu kuwa tiba ya saratani.

Hata nikisubiri, si moto utaiharibu hiyo alisini?

Utaiharibu, na hapa wengi wanadanganywa. Alisini ni dhaifu. Kwenye mafuta ya moto hubadilika kuwa kemikali nyingine za salfa, kama ajoini. Ila hizo nazo huzaliwa na alisini, kwa hiyo ukiruka hatua ya kusubiri unazikosa pia.

Kwa mchicha, mimi huponda punje nne kabla ya kushika kisu. Nikimaliza kukata vitunguu maji, nyanya na mchicha wenyewe, muda umeshapita. Kitunguu maji kikishaiva napunguza moto, natia nusu ya saumu, na mara harufu inapopanda natia nyanya, kabla saumu haijawa kahawia na chungu. Nusu iliyobaki naichanganya nikishaepua sufuria.

Naloweka nyama ya mishkaki kwa saumu, tangawizi na ndimu, vyote naviponda pamoja. Ni sawa?

Badilisha mpangilio tu. Ukali wa ndimu nao hukizuia kimeng'enya, karibu kama moto. Ponda saumu na chumvi, iache dakika zake kumi, kisha ongeza tangawizi na ndimu, halafu nyama.