Zuhura, Haruta na Maruta: kwa wanaoanza darsa

Ukishaanza kukaa darsani Kisumu, Mumias au Nakuru, swali hili litakufikia mapema, pengine kabla hujamaliza juzuu ya kwanza ya tafsiri. Mama mmoja atakuuliza: eti ile nyota ya Zuhura inayozama upande wa ziwa jioni ilikuwa mwanamke aliyewapotosha malaika wawili? Na kama ni kweli, vipi binti yangu anaitwa Zuhura? Usikimbilie ndiyo wala hapana. Swali hilo lina sehemu tatu, na kila moja ina kazi yake.

Kwanza fungua aya yenyewe, Al-Baqara 102, uandike daftarini kilichomo tu. Humo mna Babil, mna majina ya Haruta na Maruta, mna uchawi wa kumtenga mtu na mkewe, na mna onyo wanalotoa wawili hao kabla ya kumfundisha yeyote: sisi ni mtihani, usikufuru. Mwanamke hayumo. Pombe haimo, mauaji hayamo, nyota haimo. Wageni wa darsa hukosea hapa kuliko pengine popote, maana wamesikia kisa tangu utotoni, wanaisoma aya na kukiona kisa ndani yake.

Sasa njoo kwenye kisa. Kimo katika Musnad ya Imam Ahmad: malaika walisema wao ni watiifu kuliko wanadamu, wakachagua wawili wao washuke duniani, Zuhura akawajia kwa sura ya mwanamke mzuri, wakaanguka: wakanywa pombe, wakaua. Isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, inapita kwa Musa bin Jubeir, kutoka kwa Nafii, kutoka kwa Ibn Umar, kutoka kwa Mtume (S.A.W.). Ukiishia hapo utasema ni hadithi. Lakini ipo njia ya pili: Musa bin Uqba, kutoka kwa Salim, kutoka kwa Ibn Umar, kutoka kwa Kaabul-Ahbari. Tazama mwisho wa kila njia. Msahaba ni yuleyule, ila ya kwanza inaishia kwa Mtume na ya pili kwa Kaab, Myahudi wa Yemen aliyesilimu baada ya Mtume kufariki na aliyekuwa akisimulia mengi ya vitabu vya kwao.

Ibn Kathir (aliyefariki 1373) alizipima njia hizi bega kwa bega. Musa bin Jubeir hali yake haikujulikana vizuri kwa wakaguzi wa wapokezi. Musa bin Uqba anategemewa. Salim ni mtoto wa Ibn Umar, na kwa Ibn Kathir ni madhubuti zaidi katika habari za babake kuliko Nafii, aliyekuwa mtumwa aliyeachwa huru wa nyumba hiyo. Basi akaona kisa kinarudi kwa Kaab na masimulizi ya Wana wa Israili, na mpokezi mmoja alikipandisha hadi kwa Mtume. Angalia usiwachanganye hao Musa wawili. Mwanafunzi akiandika "Musa" peke yake daftarini, wiki ya pili hajui tena nani dhaifu.

Si wote waliokubaliana naye. Ibn Hajar (aliyefariki 1449) aliona njia za kisa ni nyingi kiasi kwamba anayezichunguza hukaribia kukata shauri kuwa kilitokea. Ukimnukuu, mnukuu na sababu yake, yaani wingi wa njia na nguvu za nyingi kati yake. Anayeichukua hukumu bila sababu huwafanya watu wadhani hapakuwa na mvutano.

Sehemu ya tatu ni ya itikadi. At-Tahrim aya ya 6 inasema malaika wa Motoni hawamuasi Mwenyezi Mungu katika anayowaamrisha, na wengi wakajenga juu ya aya kama hiyo kwamba malaika wote wamehifadhiwa na dhambi. Kadhi Iyadh na Al-Qurtubi walikikataa kisa kwa msingi huo. Wengine wakavuka mpaka: kwa kuogopa kisa, wakasema Haruta na Maruta hawakuwa malaika kabisa, wakashika kisomo cha nadra kinachosoma "wafalme wawili" badala ya "malaika wawili", au wakalichukua neno "ma" katika aya kuwa la kukanusha, yaani hawakuteremshiwa kitu. Hayo ni maoni yaliyosemwa na wakubwa, lakini si lazima uyafikie ili kuwalinda malaika na dhambi. Kufundisha kwa amri, kukitanguliwa na onyo, ni utiifu. Hawajaasi kitu.

Ukirudi kwa yule mama, jibu linakuwa fupi. Haruta na Maruta wapo kwenye Qurani. Habari ya mwanamke kugeuzwa nyota inarudi kwa Kaab kwa njia iliyo na nguvu zaidi, wapo wanazuoni walioipa uzito, na hakuna sharti la imani linaloitegemea. Jina la Zuhura kwa Kiarabu lina maana ya kung'aa. Binti abaki nalo.