Alikuwa akishuka au alikuwa ameshuka?

Kwenu wanagenzi mnaoanza kuandika habari za Kiswahili hapa Nairobi. Taarifa nyingi za ajali zinazoletwa kuhaririwa huwa na saa sahihi na mahali sahihi, lakini matukio yamepinduka: la mwisho linaonekana la kwanza. Kosa huwa kwenye vitenzi, hasa pale -li- inapotumiwa kila mahali.

Chukueni mfano huu wa kutunga. Matatu inaelekea mjini kwa Barabara ya Thika. Saa 12:20 jioni inasimama kituoni Roysambu, kondakta anashuka kuita abiria. Saa 12:25, abiria wakiwa bado wanapanda, lori linaigonga kwa nyuma. Wapita njia wanawapakia majeruhi wawili kwenye gari la kibinafsi na kuwakimbiza hospitali. Ambulensi inafika saa 12:50.

Anayeanza ataandika hivi: "Lori liligonga matatu Roysambu. Abiria walipanda na kondakta alishuka. Ambulensi ilifika saa 12:50 na majeruhi wawili walipelekwa hospitali." Kila sentensi ni kweli ikisomwa peke yake. Zikifuatana, abiria wanapanda gari ambalo limeshagongwa, na ambulensi inapewa sifa ya kazi iliyofanywa na wapita njia. Hii ni kwa sababu -li- husema tu kwamba jambo lilitokea. Msomaji huyapanga mambo kwa jinsi yalivyoandikwa.

Habari huanza na kishindo, si na saa 12:20. Kwa hiyo kabla ya kuandika, wekeni saa za matukio pembeni mwa daftari na mpigie mstari lile la kati, yaani saa 12:25. Kisha kila kitenzi kiulizwe: wakati huo, jambo hili lilikuwa limekwisha au lilikuwa likiendelea? Lililokwisha hupata "-likuwa" na -me-. Lililokuwa likiendelea hupata "-likuwa" na -ki-, au -na- kama tunavyosema mitaani, ingawa kwenye maandishi mimi hupendelea -ki-.

Taarifa sasa inasomeka: "Lori liligonga matatu iliyokuwa imesimama katika kituo cha Roysambu saa 12:25 jioni. Abiria walikuwa wakipanda, na kondakta alikuwa ameshuka kuita wengine. Ambulensi ilipofika saa 12:50, wapita njia walikuwa wamewapeleka majeruhi wawili hospitali." Angalieni kwamba sentensi ya tatu ina tukio lake la kati, kufika kwa ambulensi. Tukio la kati linaweza kuhama, mradi msomaji aonyeshwe limehamia wapi. Hapa kazi hiyo imefanywa na "ilipofika".

Sasa tazameni kondakta. "Alikuwa akishuka" inamweka mlangoni, mguu mmoja hewani. "Alikuwa ameshuka" inamweka chini, nje ya gari. Mwenye bima na wakili watasoma silabi hiyo kwa makini kuliko aya nzima.

Kuna vitenzi vinavyowatega hata wenye uzoefu: simama, kaa, lala, vaa, shika. Kwa hivi, -me- huonyesha hali inayoendelea baada ya kitendo. Matatu "iliyokuwa imesimama" imetulia kituoni. Matatu "iliyokuwa ikisimama" bado inapunguza mwendo, na hapo dereva wa lori anaweza kudai kwamba ilifunga breki ghafla mbele yake. Vivyo hivyo, abiria aliyekuwa "amelala" alikuwa usingizini, lakini "alikuwa akilala" huweza kusomeka kama mazoea yake ya kila safari. Msiandike -ki- kwa vitenzi hivi kwa sababu tu jambo lilichukua muda.

Ukanushaji nao una mtego wake. "Polisi hawakufika" ni shutuma kamili. "Polisi walikuwa hawajafika" ni hali ya dakika ile tu, na huenda walitokea punde baadaye.

Baada ya tukio la kati, -ka- inatosha kuyasogeza mambo mbele: lori liligonga, kioo kikavunjika, abiria wakaruka nje. Lakini msiitumie kurudi nyuma. "Lori liligonga matatu, kondakta akashuka" inamfanya ashuke baada ya kugongwa. Tena, mkisimulia kuanzia saa 12:20 hadi 12:50 bila kuruka, -li- na -ka- zinatosha. Kujaza "ilikuwa" katika kila sentensi kunachosha bure.

Hayo yote hutegemea mlichomuuliza shahidi. Akisema "kondakta alikuwa anashuka", huenda anamaanisha alikuwa kwenye ngazi, au huenda anasimulia tu kwa haraka. Mwulizeni papo hapo: lori lilipogonga, miguu yake ilikuwa imefika chini? Akijibu "alikuwa ashashuka, hata alikuwa anaongea na abiria," mmepata vitenzi viwili mnavyovihitaji.