Umbali wa galaksi unapimwaje?

"Nyota za karibu naelewa. Ila galaksi ya mbali wanapimaje, au wanakisia tu?"

Hawakisii ndugu, wanapanda ngazi. Dunia ikizunguka Jua, nyota ya karibu huonekana kusogea kidogo, na umbali wake ni hesabu ya pembetatu. Kati ya hizo zimo Sefeidi, nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu; zamu ikiwa ndefu, mwanga wake halisi ni mkubwa. Ukiiona moja kwenye galaksi nyingine, unahesabu siku za zamu yake, kisha unaangalia mwanga umepungua kiasi gani hadi kutufikia.

Kuna wanaosema mwanaanga Hubble alishamaliza kazi alipopima galaksi ya Andromeda; wana haki nusu. Hubble alipata miaka ya nuru 900,000 hivi. Mwaka 1952 mwanaanga Baade akaonyesha kwamba Sefeidi ziko aina mbili, na kipimo kilikuwa kimezichanganya. Andromeda ikawa mbali maradufu, na galaksi zote zilizopimwa kwa kuiegemea zikasogea nayo. Leo tunasema milioni 2.5.

Mbele zaidi Sefeidi hazionekani, zinatumika supernova, yaani nyota zinazolipuka. Ile ya 2011 katika galaksi ya M101 ina thamani kubwa kwa sababu Sefeidi zinaonekana humohumo, hivyo moja inaipima nyingine.