Kuandika Bei au Kuandika "Njoo DM": Ushauri kwa Wanaoanza Kuuza Mtandaoni

Wengi wanaoanza kuuza mikoba, viatu na nguo kupitia Instagram na WhatsApp huiga wanachokiona kwenye kurasa kubwa. Wanaweka picha nzuri, wanaandika "Bei njoo DM", kisha wanasubiri. Ujumbe ukianza kuingia kwa wingi wanafurahi, wakiamini kwamba biashara imeshika. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba wingi wa ujumbe usikudanganye. Kuficha bei hakuongezi wanunuzi. Kunahamisha tu kazi ya kuwachuja, kutoka kwenye ukurasa kuja kwenye simu yako na muda wako.

Angalia swali la kwanza ambalo mteja anakuuliza. Bei ikiwa imefichwa, karibu kila mtu huanza na "Bei gani?", na swali hilo halikuambii chochote kuhusu nia yake, kwa kuwa mwenye pesa mkononi na anayepita tu wote huuliza vilevile. Bei ikiwa wazi, wale ambao haiwafai hupita kimya kimya, na anayekuandikia huuliza "Nyeusi bado ipo?", au "Mnatuma Mwanza?", au "Mpo Kariakoo mtaa gani?" Huyu ameshakubaliana na bei kabla hujamjibu, na kilichobaki ni kumwondolea shaka ya saizi, rangi na usafiri.

Tuchukulie mfano wa mkoba ulioununua kwa jumla shilingi 22,000. Umeuweka bila bei, moyoni unataka 35,000, lakini uko tayari kushuka hadi 30,000. Wakikuuliza watu 30 na wakanunua 5, baada ya kuvutana huenda wastani wako ukawa 31,000, yaani faida ya 9,000 kwa kila mkoba na 45,000 kwa yote mitano. Sasa uandike wazi 33,000 na useme kwamba bei haipungui. Pengine watakuandikia watu 9 na kununua 4, kila mkoba ukikupa 11,000, jumla 44,000. Tofauti ni shilingi 1,000 tu, lakini upande mmoja umefanya mazungumzo 30 na upande mwingine 9, na bado unao mkoba mmoja wa kuuza. Namba za biashara yako zitakuwa nyingine, lakini hesabu ifanye kwa njia hii hii: gawa faida kwa idadi ya mazungumzo yaliyoizaa, usiishie kuhesabu waliouliza.

Jambo linalowaumiza sana wanaoanza ni mteja anayeuliza bei, akatajiwa, kisha akanyamaza. Mara nyingi watu wetu huona haya kusema "sina uwezo huo kwa sasa", kwa hiyo husoma na kuondoka, au huaga kwa "sawa, nitakutafuta". Usimfuate kwa ujumbe wa pili na wa tatu ukimuuliza kwa nini kimya, maana unamwongezea aibu na hatarudi hata siku akipata pesa. Bei ya wazi humwepusha na aibu hiyo, kwani huipima mfukoni mwake bila kuonekana na mtu, na mshahara ukitoka anajua ukurasa wako ulipo.

Bei iliyofichwa huzaa pia shaka ambayo muuzaji haioni. Wateja wanaoulizana hugundua kwamba mmoja ametajiwa 35,000 na mwingine 30,000 kwa kitu kilekile, na huamini kwamba umewapangia bei kwa kutazama picha za akaunti zao. Hata kama tofauti imetokana na mmoja kujua kupatana kuliko mwenzake, maelezo yako hayatasikilizwa.

Zipo hali ambapo kutoandika bei ni sahihi kabisa, na ya kwanza ni biashara ya jumla. Ukiwa unauza rejareja na papo hapo unawapa mzigo wauzaji wadogo, bei ya jumla isikae kwenye ukurasa wa wote. Mteja wa muuzaji mdogo wako wa Dodoma akiona kwamba kiatu anachouziwa 40,000 kwako ni 27,000 kuanzia pea sita, umemvunjia mwenzako biashara, na hatanunua kwako tena. Weka wazi bei ya rejareja, na ya jumla wape wahusika kwenye kundi lao la WhatsApp.

Ya pili ni bidhaa ya kuagiza, kama keki, sofa au gauni la kushonwa, ambapo bei hutegemea kilo, kitambaa au vipimo. Hapa wengi huandika "kuanzia 40,000" chini ya picha ya keki ya ngazi tatu, ilhali hiyo 40,000 ni ya keki ndogo ya kilo moja isiyo na mapambo. Mteja huja na matumaini, akitajiwa bei halisi hujiona ametegwa. Ni bora uandike gharama ya ile keki iliyo pichani, na uzito wake, kisha useme kwamba ndogo au kubwa zaidi hupangwa kwa mazungumzo. Atakapokuandikia atakuwa na mahali pa kuanzia.

Kuhusu hofu ya washindani kuona bei yako na kushuka shilingi 2,000 chini yako, sioni kwamba kuficha kunakulinda. Mshindani hufungua akaunti nyingine, akauliza kama mteja, na unamjibu. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile ya maoni yaliyojaa "bei?" chini ya picha yako, kwa sababu mwenzako anaweza kuyapitia na kuwaandikia wote walioulizia, wewe ukiwa bado unajibu "nimekutumia DM".

Mahali pa kuandika bei pana umuhimu wake. Kwenye Instagram iandike katika maelezo chini ya picha, kwa kuwa maelezo unaweza kuyahariri mzigo mpya ukija kwa bei nyingine, wakati bei iliyochorwa juu ya picha hubaki hivyo hadi uifute. Kwenye stetasi ya WhatsApp fanya kinyume. Stetasi hufutika baada ya saa 24, na mtu akipiga picha ya skrini kumtumia dada yake, inafaa bei isafiri pamoja na picha.

Ukiamua kutumia njia ya ujumbe, basi jibu lako la kwanza libebe kila kitu: bei, saizi zilizopo, mahali ulipo, na gharama ya kutuma kwa bodaboda au basi la mkoani. "Karibu, nikusaidie nini?" humrudisha mwanzo mtu aliyekwisha kuuliza. WhatsApp Business ina sehemu ya kuhifadhi majibu kama hayo. Kwenye Instagram pitia pia folda ya "Requests" mara kwa mara, kwa kuwa ujumbe wa mtu usiyemfuata huweza kuangukia huko, na mara nyingi mteja mpya ndiye huyo.

Kabla hujaamua moja kwa moja, jaribu zote mbili kwa bidhaa ileile, na uandike daftarini swali la kwanza la kila mteja, idadi ya ujumbe hadi malipo, na bei aliyolipa. Usilinganishe wiki ya mwisho wa mwezi na ya katikati, maana mishahara itakupa jibu la uongo. Linganisha mwisho wa mwezi huu na mwisho wa mwezi ujao.