Ulanzi wako una pombe kiasi gani? Hesabu ya shangazi kwa chupa na mizani

Ukiulizwa ulanzi wako wa mianzi una pombe asilimia ngapi, usijibu kwa kuuonja. Ulanzi uliochachuka huwa na ukali wa asidi, na ukali huo huficha sukari iliyobaki. Mnywaji anaweza kuita kinywaji "mkangafu" kwa sababu ya uchachu tu, kumbe pombe yake ni ya kawaida. Ukiwa na chupa ya kioo, mizani ya jikoni inayosoma gramu na mizani ya duka, unaweza kupata jibu la kuaminika bila maabara. Nitaeleza kwa hesabu tuliyofanya na shangazi yangu, mgema wa siku nyingi huku Mufindi.

Shangazi alipata mnunuzi wa Mafinga aliyetaka ulanzi kila wiki wakati wa msimu wa mvua, lakini kwa sharti moja: nguvu yake iwe ile ile. Wiki hii usiwe togwa, wiki ijayo usimwangushe mtu. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, mimi najua ulanzi wangu kwa harufu. Huyu anataka namba. Namba nitaitoa wapi?"

Namba inatoka kwenye sukari. Hamira inapokula gramu 180 za glukosi hadi zikaisha, hutoa gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za kaboni dayoksaidi, ile hewa inayofanya povu. Gawanya 92 kwa 180, unapata 0.51. Yaani kilo moja ya sukari haiwezi kutoa zaidi ya gramu 510 hivi za pombe, hata ufanye nini. Kwa kweli hupati hata hizo zote, kwa sababu hamira hutumia sehemu ya sukari kujikuza na kutengeneza vitu vingine kama gliserini, na pombe kidogo huondoka pamoja na hewa. Mimi hutumia 0.48.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua sukari iliyomo kwenye ulanzi mbichi, yaani mtogwa uliotoka kwenye mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, asubuhi hiyo hiyo. Sukari ikiyeyuka kwenye maji huyafanya mazito. Tulichukua chupa tupu ya mvinyo, ya kioo, tukaiweka alama shingoni kwa rangi ya kucha. Tumia kioo, maana chupa ya plastiki hubonyea na kubadili ujazo wake. Alama nayo iwe shingoni, kwa sababu pale ni pembamba na kosa la jicho linakuwa dogo. Tukaiweka chupa tupu kwenye mizani, tukairudisha mizani kwenye sifuri, tukajaza maji hadi alamani. Yakasoma gramu 750. Tukamwaga, tukajaza ulanzi mbichi hadi alama ile ile. Ukasoma gramu 777.

Kabla ya kupima, ulanzi lazima umiminwe mara kadhaa kutoka jagi hadi jagi mpaka povu litulie. Viputo vya hewa vikibaki ndani huchukua nafasi ya kinywaji, chupa inakuwa nyepesi, na wewe unadhani sukari ni kidogo. Maji na ulanzi pia viwe vimekaa chumba kimoja kwa muda ili joto lilingane. Asubuhi za huku ni baridi, na maji yaliyotoka jikoni si sawa na ulanzi uliotoka msituni.

Tofauti ni gramu 27. Kwa chupa ya gramu 750 za maji, kila asilimia moja ya sukari huongeza takriban gramu 3. Basi:

27 ÷ 3 = 9, yaani karibu asilimia 9 kwa uzito.

Chupa yako ikiwa ya ujazo mwingine, zidisha uzito wa maji yake kwa 0.004 upate hiyo gramu ya kila asilimia. Chupa ya gramu 500 itakupa gramu 2.

Shangazi alikuwa na lita 20 zilizopimwa kwa jagi ndani ya pipa la plastiki la lita 30, ili povu lipate nafasi. Ulanzi huo ni mzito kuliko maji kwa 777 ÷ 750 = 1.036, kwa hiyo:

Uzito wa ulanzi: 20 × 1.036 = kilo 20.72
Vilivyoyeyuka: 20.72 × 0.09 = kilo 1.86

Nimeandika "vilivyoyeyuka" kwa makusudi. Si vyote ni sukari. Kuna asidi na chumvi ambazo hamira haigeuzi kuwa pombe. Tuliondoa sehemu moja ya kumi. Hilo ni kadirio langu, si kipimo, na ndilo eneo dhaifu kuliko yote katika hesabu hii. Tukaendelea:

Sukari: 1.86 × 0.9 = kilo 1.67
Ethanoli: 1.67 × 0.48 = kilo 0.80

Watu wanaponunua hutaja pombe kwa ujazo, si kwa uzito, na ethanoli ni nyepesi kuliko maji: lita yake moja ina kilo 0.789. Kwa hiyo:

0.80 ÷ 0.789 = lita 1.01
1.01 ÷ 20 = 0.05, yaani asilimia 5.

"Tano," akasema shangazi. "Basi nimwambie tano?"

Nikamwambia asubiri. Tano ni kile ambacho sukari inaweza kutoa kama yote italiwa. Hatujui kama italiwa. Usiku wa nyanda za juu hamira husinzia, na pipa linaweza kuonekana limetulia huku sukari ingali ndani. Jambo jingine, mbeta ikitundikwa usiku kucha, hamira ya porini huanza kazi humo humo. Hesabu yetu inahusu sukari tuliyoikuta asubuhi. Pombe iliyokwisha kutokea ndani ya mbeta haimo. Ndiyo maana namsisitizia mgema yeyote asafishe mbeta zake kila anapokinga na azishushe mapema. Mbeta chafu humharibia hata namba.

Baada ya siku kadhaa povu likakoma. Tukamimina ulanzi kati ya majagi, tukajaza chupa ile ile hadi alamani. Ukasoma gramu 750, sawasawa na maji. Jirani aliyekuwa akitazama akasema sukari imekwisha yote, si umekuwa kama maji? Nawaomba msome hapa polepole, kwa sababu wengi huponzwa na namba hii.

Pombe hufanya kinywaji kuwa chepesi kuliko maji. Maji yenye ethanoli karibu asilimia 5 na bila kitu kingine yangesoma kama gramu 745 kwenye chupa yetu. Yetu imesoma 750. Gramu 5 za ziada ni vitu vilivyobaki vimeyeyuka: 5 ÷ 3 = 1.7, asilimia 1.7 hivi. Kwa kilo 20 za ulanzi hiyo ni kilo 0.34. Kati yake, kilo 0.19 ni zile asidi na chumvi tulizoziondoa mwanzoni. Inabaki kilo 0.15 ya sukari ambayo haikuliwa.

Sukari iliyogeuka: 1.67 − 0.15 = kilo 1.52
Ethanoli: 1.52 × 0.48 = kilo 0.73
Kwa ujazo: 0.73 ÷ 0.789 = lita 0.93
0.93 ÷ 20 = asilimia 4.6 hivi.

Shangazi hakuridhika, na alikuwa na haki. Hesabu yote ilikuwa imesimama juu ya chupa moja na lile kadirio la sehemu ya kumi. Bahati nzuri tulikuwa tumechukua kipimo kingine kisichotegemea hata kimoja kati ya hivyo. Siku ya kwanza tulipandisha pipa zima, na kifuniko chake, kwenye mizani ya duka la jirani. Ulanzi ulipotulia tukalipandisha tena. Lilikuwa limepungua gramu 700.

Gramu hizo zilikwenda wapi? Pipa halikumwagika, na kifuniko kilikuwa na mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa ya maji, hewa itoke bila kingine kuingia. Kilichoondoka ni kaboni dayoksaidi, ukiacha mvuke mdogo sana. Na tumeona kwamba gramu 88 za hewa hiyo huzaliwa pamoja na gramu 92 za ethanoli. Basi:

700 × 92 ÷ 88 = gramu 732 za ethanoli
732 ÷ 0.789 = mililita 928
928 ÷ 20,000 = asilimia 4.6.

Njia mbili tofauti zimekutana. Hapo ndipo nilipomwambia shangazi kwamba sasa anaweza kusema namba mbele ya mtu. Kama zingetofautiana sana, kwa mfano mizani inasema 5 na chupa inasema 3, ningetafuta povu lililomwagika, chupa iliyopimwa na viputo, au mtu aliyechota pembeni. Ulanzi ulioachwa wazi ukaanza kuwa siki huvuruga vipimo vyote viwili, kwa sababu bakteria hugeuza pombe kuwa asidi kwa kutumia hewa. Pua itakuambia kabla ya mizani.

Neno kuhusu mpira ule. Gramu 700 za kaboni dayoksaidi ni zaidi ya lita 350 za hewa kutoka kwenye pipa moja. Usifunge pipa likakaza, litapasuka. Na usichachushe mapipa mengi kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha halafu ukaingia humo kulala. Hewa hiyo ni nzito, hukaa chini, na inaua.

Mnunuzi alipopewa 4.6 alitaka ifike 6, akashauri tuongeze sukari ya dukani. Inahesabika: kila gramu 17 za sukari kwa lita huongeza asilimia 1 hivi. Kwa lita 20 ni gramu 340 kwa asilimia moja, na kwa ile 1.4 iliyopungua ni 340 × 1.4 = gramu 476, karibu nusu kilo. Shangazi alizisikiliza namba hizo hadi mwisho, kisha akamjibu: "Baba, ukitaka sukari kanunue dukani. Mimi nauza ulanzi." Mimi nipo upande wake. Alimwandikia kwenye kila pipa "kati ya 4 na 5", akawa anapima mtogwa wa kila asubuhi kwa chupa. Ukisoma chini ya gramu 774 huupeleka kilabuni, haumpelekei Mafinga.